Bili Moja, Watu Watano: Namna ya Kugawana Malipo ya Mgahawani

Bili ya mgahawa huorodhesha vyakula, haiorodheshi walaji. Mhudumu huandika samaki mmoja, chipsi sahani mbili, bia tano, kisha jumla chini kabisa. Nani alikula nini, karatasi ile haijui. Kazi ya kugawana inawaangukia waliokaa mezani, nayo hufanywa wakati watu wameshashiba, mmoja amesimama na mwingine ameshaita bodaboda. Wengi hulimaliza jambo kwa njia ya mkato: jumla inagawanywa kwa idadi ya watu, basi. Njia hiyo ni ya haraka, na kuna siku inatosha. Lakini watu wanapoagiza vitu vya bei tofauti, wakachangia sahani kadhaa na kumwachia mhudumu bakshishi, kugawa sawasawa ni kumfanya mmoja amlipie mwenzake bila hata kuombwa.

Tena hasara yake haianzi bili inapoletwa. Inaanza wakati wa kuagiza. Mwaka 2004 watafiti watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika mgahawa mmoja mjini Haifa, Israeli. Wanafunzi waliketishwa sita sita, watu wasiofahamiana. Meza nyingine ziliambiwa kila mtu atajilipia alichoagiza, nyingine zikaambiwa bili itagawanywa sawa kwa sita. Waliojilipia wenyewe waliagiza vya wastani wa shekeli 37 hivi kwa mtu. Waliojua kuwa bili itagawanywa waliagiza vya shekeli 51. Hawa wa pili hawakuja na njaa kubwa zaidi. Kilichobadilika ni gharama ya kuongeza sahani: kitu cha shekeli 12 kilimgharimu mwagizaji shekeli mbili tu, kwa kuwa shekeli 10 zilizobaki zililipwa na watano wengine. Kila mmoja akifikiri hivyo, wote hulipa zaidi ya walivyotaka. Na walipoulizwa mapema wangependa utaratibu gani, asilimia 80 walichagua kila mtu ajilipie.

Marafiki wanaojuana huoneana haya kuliko wageni wa Haifa, hivyo tofauti kati yao inaweza kuwa ndogo. Hata hivyo lipo jambo moja ambalo urafiki haulitibu. Husemwa kwamba wanaokula pamoja mara kwa mara husawazishana wenyewe: leo huyu amekula zaidi, kesho yule. Hilo ni kweli pale tu tofauti zinapobadilika kutoka siku moja hadi nyingine. Asiyekunywa pombe hatakunywa wiki ijayo pia, na anayeagiza ugali na maji kwa sababu mshahara wake ni mdogo ataagiza hivyo hivyo mwezi ujao. Kwake yeye kugawa sawa si bahati inayozunguka, ni kodi ya kudumu anayoilipa upande mmoja. Watu wa namna hiyo kwa kawaida hawasemi. Huanza tu kupata udhuru kila wanapoalikwa.

Njia ya haki yenyewe ni fupi. Kwanza kila kitu kilichoandikwa kwenye bili kinapewa mwenyewe, na kilicholiwa na wengi kinagawanywa kati ya waliokila. Hapo kila mtu anapata jumla yake. Pili, kile kinachoongezwa juu ya bili nzima, hasa bakshishi, kinagawanywa kwa uwiano wa jumla hizo. Sehemu kubwa ya ugomvi wa mezani hutokana na kuruka hatua ya kwanza na kukimbilia ya pili.

Mfano mmoja unaweza kuonyesha hesabu ilivyo. Asha, Juma, Neema, Baraka na Rehema wamekula katika mgahawa wa pwani jijini Dar es Salaam. Wameagiza changu mzima wa kuchoma kwa shilingi 45,000, mishikaki 12 ya shilingi 1,500 mmoja, yaani 18,000, na sahani mbili za chipsi kwa 10,000. Rehema hali samaki, kwa hiyo ameagiza wali kuku wa 15,000 na soda ya 2,000. Asha amekunywa juisi ya embe ya 5,000. Neema amechukua ugali wa 3,000 na maji ya 2,000. Juma amekunywa bia tatu na Baraka mbili, kila moja 5,000. Bili inakuja shilingi 125,000. Huduma imekuwa nzuri, wanakubaliana kumwachia mhudumu 10,000. Kinachotakiwa kutoka mifukoni ni 135,000.

Wakigawa sawa, kila mmoja atatoa 27,000. Sasa iangaliwe bili kitu kwa kitu.

Samaki ameliwa na wanne, wote isipokuwa Rehema, kwa hiyo 45,000 inagawanywa kwa nne na kila mmoja anabeba 11,250. Mishikaki inahesabika: Juma amekula sita, Baraka minne, Neema miwili, basi wanabeba 9,000, 6,000 na 3,000. Chipsi zilikuwa katikati ya meza na kila mkono ulifika, hivyo ni 2,000 kwa kila mtu. Vilivyobaki vina wenyewe. Vikijumlishwa, Asha ana 18,250, Juma 37,250, Neema 21,250, Baraka 29,250 na Rehema 19,000.

Kabla ya kuendelea, namba hizo tano zijumlishwe. Zinatoa 125,000, sawasawa na bili. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, lakini ndio nguzo ya kazi nzima. Jumla ya watu ikipungua kuliko bili, kuna kitu ambacho hakijapata mwenyewe, na kiasi kinachopungua mara nyingi hukitaja chenyewe: ikipungua 5,000 katika meza hii, itafutwe bia, juisi au sahani ya chipsi. Ikizidi, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili, kwa kawaida kile kilichochangiwa, kwa sababu mtu mmoja amekibeba chote na wenzake pia wamebeba vipande vyake. Na ikiwa kila kitu kina mwenyewe lakini bili bado ni kubwa, huenda mhudumu ameandika bia ya meza ya jirani. Kosa hilo hugunduliwa na wanaogawa kitu kwa kitu. Wanaogawa sawa hulilipa bila kujua.

Sasa bakshishi. Kinacholipwa ni 135,000 na bili ni 125,000. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili inapatikana 1.08. Namba hiyo moja ndiyo inayohitajika: jumla ya kila mtu inazidishwa kwa 1.08, na kikokotoo cha simu kinamaliza kazi. Asha anafikia 19,710, Juma 40,230, Neema 22,950, Baraka 31,590 na Rehema 20,520. Zikijumlishwa zinarudi 135,000 bila kupungua hata shilingi.

Ikilinganishwa na ule mgao wa 27,000, Asha angelipa zaidi kwa 7,290, fedha inayotosha juisi nyingine na chenji ikabaki. Juma angepunguziwa 13,230. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Ni namna ya kugawa tu iliyofanya hivyo.

Uzuri wa kutafuta namba moja ya kuzidishia ni kwamba inabeba kila kitu kinachoihusu bili nzima. Mgahawa ukitoa punguzo la asilimia 10 kwa meza yote, kiasi kinacholipwa kinashuka, namba inashuka, na kila mtu anapata punguzo lake kwa uwiano. Gharama ya huduma ikiongezwa, namba inapanda. Punguzo la sahani moja peke yake ni jambo jingine: ikiwa siku hiyo wali kuku umeshushwa bei, nafuu hiyo ni ya Rehema aliyeuagiza, nayo inaondolewa katika hatua ya kwanza.

Kodi huleta mkanganyiko wake. Risiti ya mashine ya EFD nchini Tanzania huonyesha kiasi kabla ya kodi, kodi ya ongezeko la thamani, kisha jumla. Mtu akiiona kodi imeandikwa peke yake hudhani inaongezwa juu ya bei zilizo kwenye menyu, akajiongezea asilimia 18 kwenye sahani yake. Katika migahawa mingi bei ya menyu tayari ina kodi ndani yake. Risiti inaichambua tu. Kujua ni rahisi: bei za menyu zijumlishwe. Zikilingana na jumla ya mwisho ya risiti, kodi imo na hakuna cha kuongeza. Zikilingana na kiasi cha kabla ya kodi, basi kodi imeongezwa juu, na ile namba ya kuzidishia itaibeba pamoja na bakshishi. Ni vizuri pia kutazama kama gharama ya huduma imo kwenye risiti, maana zipo hoteli na migahawa inayoitoza moja kwa moja, na meza ikaacha tena bakshishi ya ukarimu bila kujua kuwa huduma imeshalipiwa.

Je, bakshishi igawanywe kwa uwiano au kwa kichwa? Wapo wanaosema mhudumu amewahudumia watu watano, basi kila mmoja atoe 2,000. Hoja hiyo ina uzito wake: kumletea Neema maji hakukuwa kazi ndogo kuliko kumletea Juma bia. Jibu linategemea bakshishi yenyewe ilivyopatikana. Marekani, ambako desturi ni kuacha asilimia 15 hadi 20 ya bili, bakshishi inakua kadiri bili inavyokua. Aliyeagiza vya bei kubwa ndiye aliyeikuza, na uwiano ndio haki. Afrika Mashariki hakuna kiwango kilichokubalika na wote, na mara nyingi watu hukubaliana tu kiasi kinachoonekana cha heshima. Kiasi cha namna hiyo kinaweza kugawanywa kwa kichwa bila kumwonea mtu. Katika mfano huu, kwa uwiano Asha anatoa bakshishi ya 1,460 na Juma 2,980; kwa kichwa kila mmoja 2,000. Tofauti haifiki bei ya soda. Meza ichague njia moja mapema na isirudi nyuma, kwa sababu haki kubwa iko kwenye vyakula na vinywaji, si hapa. Jambo la kusimamia ni moja: anayetaka kumwachia mhudumu zaidi ya walivyokubaliana aongeze kutoka mfukoni mwake, asiipandishe kwa wote.

Sahani za kuchangia ndizo zinazohitaji busara zaidi kuliko hesabu. Kinachohesabika kihesabiwe, kama mishikaki, sambusa au vipande vya kuku. Kisichohesabika kigawanywe sawa kati ya walaji, kwa kuwa hakuna atakayepima minofu ya samaki, na anayejaribu kufanya hivyo anaharibu chakula cha watu. Aliyeonja kipande kimoja kwa kukaribishwa si mlaji. Kumtoza robo ya samaki kwa tonge moja ni kumfanya akatae kukaribishwa siku nyingine. Kwa upande mwingine, aliyekubali wakati wa kuagiza kwamba samaki awe wa wanne, kisha akala kidogo kwa sababu alishiba chipsi, bado ana sehemu yake. Samaki wa ukubwa ule aliagizwa kwa kumhesabu yeye.

Katikati ya mlaji kamili na mwonjaji wapo watu wa nusu: aliyechelewa akamkuta samaki amebaki upande mmoja, au mtoto aliyekuja na mzazi wake. Hawa wanaweza kupewa nusu sehemu. Tuseme Rehema naye angekula samaki, lakini amefika mwishoni. Sehemu zingekuwa nne kamili na nusu moja, yaani 4.5. Shilingi 45,000 zikigawanywa kwa 4.5 zinatoa 10,000 kwa sehemu kamili na 5,000 kwa nusu. Wanne mara 10,000 ni 40,000, na 5,000 ya Rehema inakamilisha bei ya samaki. Vipande vidogo kuliko nusu havifai kutumiwa. Mabishano ya kama mtu alikula robo au theluthi hula muda mwingi kuliko fedha inayobishaniwa.

Inapokuwa siku ya kuzaliwa ya mmoja wao na wenzake wameamua asilipe, sehemu yake igawanywe kwa waliobaki. Hapa uwiano haufai. Kama ni Rehema anayepongezwa, 20,520 zake ni zawadi kutoka kwa wenzake wanne, na zawadi hutolewa kwa usawa: 5,130 kila mmoja, juu ya kile alichojilipia. Asha hakumpenda Rehema kidogo kwa kuwa alikunywa juisi, na Juma hampendi zaidi kwa kuwa alikunywa bia tatu.

Fedha taslimu zina tatizo lao, kwa sababu hakuna mezani mwenye shilingi 710. Kiasi kinasogezwa hadi kwenye 500 iliyo karibu, na hapo meza nyingi hushangaa kuona jumla haifiki. Katika mfano huu, kusogeza kwa kawaida kunawapa Asha 19,500, Juma 40,000, Neema 23,000, Baraka 31,500 na Rehema 20,500. Jumla yake ni 134,500. Shilingi 500 zimepotelea njiani ingawa hakuna aliyekosea. Dawa ni kuanza kwa kushusha kila kiasi hadi 500 ya chini yake, jumla ikawa 134,000, kisha kutazama kinachopungua. Inapungua 1,000, yaani 500 mbili. Zinaongezwa kwa wale wawili waliopunguziwa zaidi wakati wa kushusha: Neema alipunguziwa 450 na Juma 230, kuliko wengine wote. Neema anatoa 23,000, Juma 40,500, na jumla inatimia 135,000. Ni kanuni ile ile inayotumika katika baadhi ya nchi kugawa viti vya bunge kwa vyama, ambako nako hakuna nusu mbunge.

Mara nyingi, hata hivyo, fedha hupungua kwa sababu nyingine kabisa: kila mtu amechangia kwa kukumbuka. Mtu akiulizwa alikula nini hukumbuka sahani yake kuu na kinywaji chake. Chipsi zilizokuwa katikati hazina mwenyewe kichwani mwa yeyote, na bakshishi ni ya wote, yaani si ya mtu. Kama watano hawa wangetoa kila mmoja cha kwake na sehemu yake ya samaki na mishikaki, wakasahau chipsi na bakshishi, zingekusanyika 115,000 tu. Shilingi 20,000 zinazokosekana kwa kawaida huzibwa na mmoja: mwenye kadi, mwenye roho nyepesi, au yule wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo mwenye kukusanya asiulize watu wanadaiwa ngapi. Ashike bili, aisome kitu kwa kitu kwa sauti, aulize ni cha nani, aandike. Kwa bili ya vitu kumi au kumi na tano kazi hiyo haichukui dakika tano.

Siku hizi jambo hurahisishwa zaidi kwa mmoja kulipa bili yote kwa simu, kwa Lipa Namba ya mgahawa, na wengine wakamrejeshea. Hapo hakuna haja ya kusogeza hadi 500. Asha anaweza kutuma 19,710 kamili. Kinachosahaulika ni makato. Anayetuma hukatwa ada ya kutuma, na aliyelipa akihitaji fedha mkononi atakatwa tena wakati wa kutoa kwa wakala. Ada ya kutuma ni ya mtumaji, kwa kuwa mwenzake ameshamkopesha na kumwepusha na kubeba noti. Ada ya kutoa ni ya aliyelipa, maana angeweza kuiacha fedha kwenye simu na kuitumia hapo hapo. Wenye taslimu wampe taslimu, ili naye asilazimike kutoa.

Orodha ya nani anadaiwa ngapi itumwe kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajainuka mezani, pamoja na picha ya risiti. Wakati huo kila mtu bado anakumbuka alikunywa bia ngapi, na anayeona kosa anaweza kulisema huku vyombo vikiwa bado mezani. Ikipita siku tatu, anayedai huonekana msumbufu na anayedaiwa huona kiasi hicho kimekuwa kikubwa kuliko chakula alichokumbuka kula.